Namba Moja kwa Wakala wa Ajira

Ujumbe unaingia kwenye simu saa 7 mchana, ukiwa unasubiri chakula: "Habari za mchana. Tunatafuta msimamizi wa mikopo kwa taasisi ya huduma ndogo za fedha hapa Mwanza. Nimeona wasifu wako LinkedIn. Una uzoefu gani wa kufuatilia marejesho, na tunaweza kuzungumza lini?"

Aliyeandika hakujui. Hujui ameandikia watu wangapi wengine mchana huohuo, na kwa sasa hahitaji historia ya maisha yako. Anataka kuamua jambo moja tu, kama inafaa akupigie simu. Jibu lako litasomwa kwenye kioo cha simu, labda akiwa ndani ya daladala, na litasomwa mara moja.

Majibu mengi kwa ujumbe wa namna hii huangukia upande mmoja kati ya miwili. Upande wa kwanza ni huu: "Asante sana, nina uzoefu wa kutosha na niko tayari wakati wowote. Naambatisha wasifu." Ni jibu la heshima, lakini halina kitu ndani. Kila aliyeandikiwa ana "uzoefu wa kutosha". Upande wa pili una kishindo: "Mimi ni mtaalamu hodari wa mikopo mwenye matokeo ya kipekee. Nimepunguza madeni kwa zaidi ya asilimia 50 na kulifanya tawi letu kuwa la mfano kanda nzima." Hapa namba ipo, lakini msomaji anakunja uso, na hata kama kila neno ni kweli, ameshaanza kulitilia shaka.

Tumelelewa na methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa mwenye duka ambalo wateja hupita mbele yake kila siku. Wakala wa ajira hajapita mbele ya meza yako. Hajaona daftari lako la marejesho wala hajamsikia meneja wako akikusifu kikaoni. Usipomwambia, hana pa kulijua. Kwa hiyo jambo la kutazama ni namna ya kusema. Kwa maoni yangu, majivuno hayatoki kwenye namba yenyewe. Yanatoka kwenye maneno yanayoizunguka, na yanatoka kwenye namba ambayo haiwezi kustahimili swali la pili. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla hujaandika neno lolote.

Tumchukue ofisa mikopo wa kubuni, mwenye miaka 6 kazini, anayehudumia wafanyabiashara wa samaki na dagaa jijini Mwanza. Ameandikiwa ujumbe ule wa hapo juu. Ana nini cha kusema kinachopimika?

Katika kazi yake kuna kipimo kinachojulikana na kila mtu wa taaluma hiyo. Kwenye ripoti huandikwa PAR 30. Kinakokotolewa hivi: unachukua salio lote lililobaki la mikopo ambayo imechelewa zaidi ya siku 30, unaligawa kwa salio la mikopo yote, kisha unazidisha kwa 100. Zingatia kwamba kinachohesabiwa si rejesho lililochelewa peke yake. Mkopaji aliyebakiza shilingi milioni 2 akichelewesha rejesho moja la shilingi 200,000 kwa siku 31, milioni 2 zote huhesabiwa kuwa hatarini, kwa sababu aliyekwama kwenye rejesho moja anaweza kukwama kwenye yote.

Mwanzoni mwa mwaka, ofisa wetu alikuwa akisimamia mikopo yenye salio la shilingi milioni 200. Kati ya hizo, milioni 30 zilikuwa za wakopaji waliochelewa zaidi ya siku 30. Hiyo ni asilimia 15. Baada ya miezi 9, ripoti ya tawi ilionyesha salio la milioni 220, na zilizo hatarini milioni 15.4. Hiyo ni asilimia 7.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna kisa cha kusimuliwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, taa huwavuta dagaa kuja juu. Mwezi ukijaa, taa haifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Mfanyabiashara anayenunua mwaloni naye hukosa mzigo siku hizo. Sasa mzunguko wa mwezi ni kama siku 29 na nusu, lakini ratiba ya mkopo hufuata kalenda ya ukutani. Rejesho lililopangwa kila tarehe 15 linaweza kuangukia siku za giza mwanzoni mwa mkopo, likaangukia kwenye mbalamwezi miezi kadhaa baadaye, na mkopaji yuleyule aliyekuwa mwaminifu akaanza kuchelewa. Ofisa wetu na mwenzake wa meza ya pili waliliona hilo. Wakopaji wapya wa dagaa wakapangiwa ratiba inayoruka siku za mbalamwezi, na wote, wapya kwa wa zamani, wakawa wanapigiwa simu siku 2 kabla ya tarehe ya rejesho.

Ni mafanikio halisi. Kishawishi sasa ni kuandika: "Nilipunguza madeni mabaya kwa asilimia 53." Kimahesabu si uongo. Kutoka 15 hadi 7 ni kushuka kwa pointi 8, na 8 ni kama asilimia 53 ya 15. Namba 53 inang'aa kuliko 8. Hata hivyo, msomaji wa kawaida ataelewa kwamba nusu ya madeni yalikusanywa, na msomaji wa taaluma ataona kwamba mwandishi amechagua namna ya kuhesabu inayompamba. Hao wawili watakuja kukutana siku ya usaili, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuandika mwanzo na mwisho: kutoka ngapi hadi ngapi, ndani ya muda gani. Anayetaka kukokotoa asilimia ya kushuka atakokotoa mwenyewe. Ukimpa ncha mbili humfichi kitu, na ukiacha kuficha umeshapunguza nusu ya majivuno.

Lakini bado. Katika miezi hiyo 9, makao makuu yalifuta kwenye vitabu mikopo ya zamani iliyoshindikana, na katika ile anayosimamia ofisa wetu zilifutwa shilingi milioni 4.4. Mkopo uliofutwa hutoka kwenye salio lililo hatarini na hutoka pia kwenye salio lote. Kipimo kinashuka bila mtu kulipa hata senti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha msimamizi wa mikopo anajua hivyo, na wakala akifikisha wasifu wako kwake, hilo ndilo swali atakalouliza kwanza: zilifutwa ngapi?

Basi ofisa wetu anarudisha zilizofutwa mahali pake. Zilizo hatarini zinakuwa milioni 19.8 na salio lote milioni 224.4, na jibu ni asilimia 8.8. Kutoka 15 hadi karibu 9. Anaweza kwenda hatua moja zaidi. Salio lilikua kwa sababu mikopo mipya ilitolewa, na mkopo wa juzi hauwezi kuwa umechelewa siku 30, kwa hiyo ukuaji nao hupunguza kipimo. Akizigawa milioni 19.8 kwa salio la zamani la milioni 200, anapata asilimia 9.9. Hili la pili halihitaji kuingia kwenye ujumbe, lakini ajue lipo. Kati ya 7 ya ripoti, 9 ya haki na 10 ya mkali kuliko wote, anachagua 9, kwa kuwa ndiyo anayoweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Wapo watakaoona kwamba amejipunja. Ripoti rasmi inasema 7, kwa nini aseme 9? Sababu ni kwamba swali la wakala lilihusu ufuatiliaji wa marejesho, na tofauti ya 7 na 9 haikuletwa na ufuatiliaji wake. Ilitoka kwenye kalamu ya makao makuu. Akiidai, anadai kazi isiyo yake. Tena kuna faida ya pembeni: akiulizwa kuhusu mikopo iliyofutwa, atajibu kwamba ameshairudisha kwenye hesabu, na jibu hilo moja litamjengea imani kuliko sifa kumi.

Linabaki suala la nani alifanya. Tawi lina maofisa 4, na PAR 30 ya tawi zima nayo ilishuka. Kusema "nilishusha PAR ya tawi" ni kuchukua jasho la wenzake watatu. Kusema "ilishuka" na kunyamaza ni kujifuta mwenyewe, maana kitenzi hicho hakina mtendaji. Huenda ilishuka kwa sababu bei ya dagaa ilipanda. Waswahili tunapenda sana vitenzi vya namna hiyo tunapojizungumzia: kazi ilifanyika, lengo lilifikiwa, hasara ilipungua. Ni adabu nzuri mezani kwa wazee, lakini wakala anabaki anajiuliza wewe ulikuwa wapi. Dawa yake ni kutaja eneo lako na kitendo chako. "Katika mikopo ninayosimamia" inaweka mpaka. Hudai cha jirani. "Baada ya mimi na mwenzangu kubadilisha ratiba" inaonyesha mkono wako na unamtaja uliyeshirikiana naye bila kumficha nyuma ya "timu". Neno "timu" likisimama peke yake limechoka. Kila mtu ana timu.

Sasa jibu lenyewe:

"Habari za mchana dada, asante kwa kunitafuta. Nafasi hiyo inanivutia. Nimekuwa ofisa mikopo kwa miaka 6, zaidi kwa wafanyabiashara wa samaki na dagaa. Mwaka jana, katika mikopo ninayosimamia, iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilishuka kutoka asilimia 15 hadi karibu 9 ndani ya miezi 9, baada ya mimi na mwenzangu kupanga ratiba za marejesho zifuate msimu wa dagaa na kuanza kuwapigia wakopaji simu siku 2 kabla. Naweza kuzungumza Alhamisi baada ya saa 11 jioni au Ijumaa kabla ya saa 2 asubuhi. Naomba pia kujua, msimamizi atakuwa na maofisa wangapi chini yake?"

Namba ya mafanikio iko katikati ya ujumbe, na hilo limefanywa kwa makusudi. Salamu imetangulia, kwa kuwa kwetu anayeingia na hesabu kabla ya hodi huonekana hana malezi, hata kwenye WhatsApp. Neno "dada" linafaa kama aliyeandika ni mwanamke wa rika lako na ujumbe wake umekuja kwa sauti ya kawaida. Kwa baruapepe iliyoandikwa kirasmi, "Bi." na jina lake linafaa zaidi, na kwa mwanamume "Bw." Baada ya salamu linakuja jibu la swali alilouliza, yaani uzoefu, na mafanikio yanaingia kama ushahidi wa uzoefu huo. Hapo ndipo yanapopoteza harufu ya kujisifu. Mtu akiulizwa jambo, akajibu kwa mfano, hakuna anayemwita mjivuni. Majivuno ni kuitoa sifa ambayo haikuulizwa. Kama wakala angeuliza tu, "Uko Mwanza au umehama?", namba hiyo isingekuwa na mahali pa kukaa, angejibu kwamba yuko Mwanza na kutaja muda wa kuzungumza, namba ikasubiri simu.

Ujumbe unaishia kwa swali. Swali hilo si la mapambo. Linarudisha mazungumzo kwenye kazi inayotafutiwa mtu, na linamwonyesha wakala kwamba unaifikiria nafasi kama kazi, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo kwa mtu anayejibu ujumbe wake. Sifa ikiwa sentensi ya mwisho hubaki ikining'inia, kana kwamba unasubiri kupigiwa makofi.

Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza idara ya rasilimali watu ya Google na kuandika kitabu Work Rules! mwaka 2015, amekuwa akiwashauri watafuta kazi kuandika kila mafanikio kwa mpangilio mmoja: ulifanikisha nini, kwa kipimo gani, kwa kufanya nini. Ni ushauri wenye akili, na sentensi ya ofisa wetu ina viungo vyote vitatu. Tofauti ni kwamba ushauri huo ulikusudiwa wasifu, ambako mistari ya namna hiyo hupangwa mmoja chini ya mwingine na msomaji ameitarajia. Ukiibeba mistari mitano ya wasifu na kuimwaga kwenye jibu fupi, hata kama kila mmoja ni wa kweli, msomaji anaona mtu anayejitembeza. Namba ya pili huidhoofisha ya kwanza. Wakala akiona namba moja ataikumbuka na ataiuliza; akiona nne hataikumbuka yoyote, ila atakumbuka kwamba ulikuwa na namba nyingi.

Kuna jambo jingine la kikazi ambalo wengi hawalifikirii. Wakala hafanyi uamuzi wa mwisho. Baada ya kuzungumza na wewe atamwandikia mwajiri mistari miwili mitatu kuhusu kila mtu anayempendekeza, na mara nyingi ataitoa moja kwa moja kwenye ulichoandika. Sentensi yenye mwanzo, mwisho, muda na sababu inanakilika kama ilivyo. "Mchapakazi mwenye matokeo ya kipekee" hainakiliki, kwa sababu wakala hawezi kuiweka mbele ya mteja wake bila kuonekana yeye ndiye anayekupigia debe.

Sasa tuwatazame wanaokimbilia unyenyekevu wa kuigiza. "Sipendi kujisifu, ila..." "Nashangaa hata mimi jinsi meneja anavyonitegemea." "Kwa kweli nimechoka kupewa kila tawi lenye matatizo." Mwandishi anadhani amejificha, na msomaji anamwona mzimamzima. Mwaka 2018 mtafiti Ovul Sezer na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu tabia hii ya kujisifu ndani ya lalamiko au unyenyekevu, na walikuta kwamba humshushia mtu kuliko kujisifu waziwazi, kwa sababu huonekana hana ukweli. Kwa hiyo kati ya "Sipendi kujisifu, ila tulishusha hadi 9" na "Tulishusha kutoka 15 hadi 9", ya pili ni fupi na ni salama. Futa utangulizi. Kama sentensi inahitaji kuombewa radhi kabla haijasomwa, kasoro iko ndani yake, na mara nyingi ni kivumishi. Ondoa "hodari", "kipekee", "mkubwa", "kwa kiasi kikubwa". Ondoa pia kulinganisha na wenzako. "Wa kwanza kanda nzima" humfanya msomaji awafikirie walioshindwa badala ya kazi uliyofanya, na asiyejua kanda hiyo ina maofisa wangapi hawezi kuipima.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa. Namba ya kazini ni mali ya mwajiri wako kabla haijawa sifa yako. Ofisa wetu ameandika uwiano, hakuandika shilingi. Hakusema tawi lina salio la kiasi gani, makao makuu yalifuta ngapi, wala mteja gani alikuwa amekwama. Majina ya wakopaji hayaingii kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, ofisa anayemtaja mdaiwa kwa mtu asiyemjua ameshajikosesha kazi ya mikopo. Kama mkataba wako unakataza hata uwiano, au kama taasisi ni ndogo kiasi kwamba asilimia peke yake inafichua hali yake, bakiza kitendo na muda: "Tulibadilisha ratiba za marejesho za wakopaji wa dagaa, na ndani ya miezi 9 ucheleweshaji ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja." Asilimia 9 ni theluthi mbili pungufu kidogo ya 15, kwa hiyo maneno hayo bado ni ya kweli, na msomaji bado ana cha kushika bila kuiona hali yenyewe ya vitabu.

Hakikisha pia aliyekuandikia ni wakala kweli kabla ya kumpa chochote. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa katika mazingira maalumu. Anayeanza kwa kuomba "pesa ya fomu" hahitaji kuijua PAR yako.

Na wale ambao kazi yao haina asilimia? Mara nyingi ipo namba, ila haijawahi kuandikwa. Mhasibu anajua hesabu za mwezi zilikuwa zikifungwa tarehe 12 na sasa zinafungwa tarehe 5. Mtunza stoo anajua kwamba kuhesabu mali kulichukua siku 3 na sasa kunachukua moja. Mpokea wageni wa zahanati anaweza kuwa amepunguza muda wa kutafuta faili. Hapa la kuangalia ni chanzo. Kama namba haikutoka kwenye ripoti, daftari au mfumo, sema "kama" au "takriban", na usiitie nukta. "Takriban nusu saa" inaaminika, "dakika 28.5" kutoka kwa mtu asiyekuwa na saa ya kupimia inachekesha. Namba iliyokadiriwa ikivaa sura ya iliyopimwa ni rahisi kugundulika, maana swali la "mlipima vipi?" halina jibu.

Wapo pia wenye namba zisizofaa kusemwa ingawa ni sahihi. Mwalimu ambaye ufaulu wa somo lake ulipanda mwaka mmoja na kushuka mwaka uliofuata, akitaja ule wa kupanda tu, amechagua dirisha la kuchungulia. Ni afadhali achukue miaka yote miwili, au aache ufaulu na ataje alichofanya kwa uhakika, kwa mfano idadi ya majaribio aliyosahihisha na kurudisha ndani ya wiki moja.

Kabla ya kubonyeza kutuma, kuna majaribio mawili ninayoyaamini. La kwanza: funika kwa kidole sentensi yenye namba, kisha soma ujumbe uliobaki. Kama bado unajibu alichoulizwa mtu na unaeleweka, namba imekaa mahali pake kama ushahidi. Kama hakuna kilichobaki, ulikuwa unaandika tangazo. La pili: mfikirie meneja wako wa sasa au wa zamani, yule utakayemtaja kama mdhamini, akisomewa sentensi hiyo kwenye simu. Angesema "ndiyo, ni kweli", au angenyamaza kidogo kwanza? Ofisa wetu angeandika 7, meneja angesema ni kweli kwa mujibu wa ripoti, kisha angeongeza kuhusu mikopo iliyofutwa. Maelezo hayo yakitoka kwa meneja baada ya wewe kuyaacha, yanasikika kama umbeya. Yakitoka kwako, ni umahiri.

Simu ikija Alhamisi, sentensi ile moja itafunguliwa. Wakala, au mwajiri aliyekaa naye, atauliza mlijuaje kwamba tatizo ni mbalamwezi, na hapo ofisa anaweza kusimulia kwa dakika moja: walipanga ucheleweshaji kwa tarehe, wakaona wakopaji wa dagaa wanachelewa kwa mawimbi huku wa samaki wakubwa wakiwa shwari, wakauliza mwaloni. Ataulizwa kama kubadilisha ratiba si kupanga upya mikopo mibovu ili ionekane mizima, hila inayojulikana sana. Atajibu kwamba ratiba mpya zilitolewa kwa mikopo mipya tu, na ya zamani iliachwa na tarehe zake na kufuatiliwa kwa simu. Ataulizwa nini hakikufanya kazi. Anaweza kusema simu za siku 2 kabla ziliwasaidia waliosahau, lakini hazikuwasaidia waliokuwa na madeni kwingine, na kwamba hao ndio wengi katika asilimia 9 iliyobaki.

Na kama simu haikuja? Subiri kama wiki moja, kisha andika mara moja tu, bila kurudia namba na bila kuongeza nyingine: "Habari za kazi dada, naulizia tu kama nafasi ya msimamizi wa mikopo bado ipo wazi. Wiki hii napatikana jioni." Ile asilimia 9 iko palepale juu kidogo kwenye mazungumzo, akitaka kuisoma tena ataipandisha kwa kidole.